Kuharakisha x = g(x) bila derivativu: mwongozo kamili wa njia ya Steffensen

Kama umeshawahi kutatua mlinganyo kwa kurudiarudia, yaani unaandika x = g(x), unaingiza namba, jibu unalirudisha tena ndani, na tena, na tena, unajua kero yake. Inafika, ila inafika kwa kujivuta. Kila mzunguko unakata kipande kilekile cha kosa na ukitaka tarakimu kumi sahihi unaweza kuzungusha mara sitini. Njia ya Newton ina kasi lakini inadai derivativu, na mara nyingi huna, labda g yenyewe ni programu ndefu ambayo huwezi kuikalia na kalamu uitafutie derivativu.

Kuna njia ya katikati ambayo mimi naipenda kweli. Mwaka 1933 Mdenishi mmoja, Johan Frederik Steffensen, mtaalamu wa hesabu za bima, aliiweka wazi: ndani ya kila hatua piga g mara mbili tu, tumia namba tatu ulizonazo kuruka mbele, alafu anza upya kutoka pale uliporukia. Basi. Hakuna derivativu, na kasi inakuwa ileile ya Newton, tarakimu sahihi zinajidabo kila hatua. Twende taratibu.

Kwanza elewa kwa nini kurudiarudia kunachelewa

Tuchukue mfano ambao unaweza kuufanya hata kwenye kikokotoo cha simu, x = cos x, kwa radiani (hakikisha hapo, kikokotoo kikiwa kwenye digrii namba zote zitakuwa tofauti na zangu). Jibu ni 0.7390851332. Anza na 0.5 ubonyeze cos mfululizo:

0.5, 0.877583, 0.639012, 0.802685, ...

Unaona inavyoyumba, juu chini juu chini, huku inasogea. Sasa angalia sio namba zenyewe bali miruko yake. Mruko wa kwanza, tuuite d1, ni 0.877583 − 0.5 = 0.377583. Wa pili, d2, ni 0.639012 − 0.877583 = −0.238570. Gawanya d2 kwa d1 unapata −0.6318. Ukiendelea kuzungusha utakuta uwiano huu unatulia kwenye −0.6736, na hiyo ndo mteremko wa g pale kwenye jibu. Tuite uwiano huu r.

Maana yake ni kwamba kila mzunguko kosa linazidishwa kwa kama 0.67. Limebaki theluthi mbili ya lilivokuwa, mzunguko unaofuata theluthi mbili ya hiyo, na hivohivo. Ndo maana inachukua mizunguko kama 60 kutoka kosa la 0.24 mpaka kosa la 0.00000000001.

Wazo la kuruka

Sasa hapa ndo utamu ulipo. Kama kila mruko ni ule uliopita mara r, basi safari nzima iliyobaki unaijua tayari: d1 + d1·r + d1·r² + ... bila mwisho, na jumla ya mfululizo huo tuliifundishwa shule, ni d1/(1 − r). Kwa hiyo huna haja ya kutembea safari yote, unajumlisha mara moja:

```
xmpya = x + d1/(1 - r),   r = d2/d1
```

Ukiifungua hiyo unapata fomula ambayo vitabu vingi vinaandika:

```
xmpya = x - d1*d1/(d2 - d1)
```

Ni kitu kimoja. Mimi napendelea kuifikiria ile ya kwanza kwa sababu r inaonekana wazi, na r ndo itakwambia kila kitu mambo yakiharibika, tutafika huko.

Kwa mfano wetu: 0.5 + 0.377583/1.6318 = 0.731385. Jibu ni 0.739085, kwa hiyo kosa limetoka 0.24 hadi 0.0077 kwa kubonyeza cos mara mbili tu.

Pale wengi wanapopoteza faida

Hii fomula ya kuruka peke yake ni ya Alexander Aitken, aliitoa mwaka 1926. Na watu wengi wanaitumia hivi: wanazungusha g kama kawaida, wanapata orodha ndefu, alafu wanapita juu ya orodha wakitumia fomula kwa kila namba tatu zinazofuatana. Inasaidia, lakini angalia kinachotokea kwenye mfano wetu. Namba zilizorukishwa zinakuwa 0.731385, 0.736087, 0.737653. Makosa ni 0.0077, alafu 0.0030, alafu 0.0014. Bado ni mwendo wa kujivuta, sema tu sasa kosa linazidishwa kwa kama 0.45, ambayo ni r mara r, badala ya 0.67. Kasi imeongezeka, aina ya mwendo haijabadilika.

Kisa ni kwamba namba nzuri uliyoipata haitumiki. Inakaa pembeni kwenye orodha yake, wakati g inaendelea kulishwa namba mbaya za zamani. Steffensen anasema ile 0.731385 irudishe ndani, ndo iwe x mpya, tupa zile za zamani. Fanya hivo:

x = 0.731385
g(x) = 0.744250, kwa hiyo d1 = 0.012865
g tena = 0.735596, kwa hiyo d2 = −0.008654
r = −0.6727
xmpya = 0.731385 + 0.012865/1.6727 = 0.739076

Kosa sasa ni 0.0000088. Tumetumia g mara nne kwa jumla, mara nne zilezile ambazo yule wa orodha ametumia kufika kosa la 0.0014. Zungusha mara moja tena, kosa linaanguka hadi kama 0.00000000001. Mara sita dhidi ya sitini.

Mbona inaanguka hivo? Angalia r. Raundi ya kwanza ilikuwa −0.6318, ya pili −0.6727, na thamani ya kweli ni −0.6736. r ni kisio la mteremko, linapimwa kati ya x na g(x), na umbali kati ya hizo mbili unapungua kila ukikaribia jibu, kwa hiyo kisio linazidi kuwa sahihi kadri kosa linavyopungua. Kosa la kisio linalingana na kosa la x, alafu kisio hilo linarekebisha kosa la x, ndo hapo kosa linazidishwa kwa lenyewe. Kwa cos kosa jipya ni kama 0.149 mara kosa la zamani mara kosa la zamani. Jaribu: 0.0077 × 0.0077 × 0.149 ni 0.0000088, ndo tuliyoipata.

Na hii inakuonyesha pia kwa nini usipime mteremko kwa hatua uliyoiganda, tuseme 0.01 siku zote. Ukifanya hivo kisio linabaki na kosa lilelile hata ukiwa umefika mlangoni, na kasi inarudi kuwa ya kujivuta. Hatua lazima isinyae yenyewe, na hapa inasinyaa bila wewe kufanya chochote.

Skripti

Hii hapa kwa Python, fupi, ila kila mstari una sababu yake:

```python
from math import cos

def steffensen(g, x, tol=1e-10, mwisho=30):
    for n in range(mwisho):
        x1 = g(x)
        d1 = x1 - x
        if abs(d1) <= tol * max(1.0, abs(x)):
            return x, n
        x2 = g(x1)
        d2 = x2 - x1
        dd = d2 - d1
        if abs(dd) <= 1e-6 * abs(d1):
            raise ValueError("r iko karibu na 1")
        x = x2 - d2 * d2 / dd
    raise ValueError("haijafika")

print(steffensen(cos, 0.5))
```

Kwanza, kipimo cha kusimama kimekaa kabla ya kugawanya. Hii sio mapambo. Ukishafika kwenye jibu d1 ni sifuri au vumbi la tarakimu za mwisho, d2 hivohivo, na ukiacha lupu iendelee unagawanya vumbi kwa vumbi. Unapata nan, au mbaya zaidi unapata namba inayoonekana ya kawaida kumbe imekurusha mbali na jibu ulilokuwa umeshalipata. Ukiona skripti ya mtu inafika vizuri alafu raundi ya mwisho inaharibika ghafla, tatizo mara nyingi liko hapa.

Pili, mstari wa mwisho ndani ya lupu nimeanzia x2 badala ya x. Kihesabu ni kilekile, unaweza kuthibitisha kwa kalamu, lakini kama r ni ndogo kuliko 1 ukiacha alama basi x2 iko karibu na jibu kuliko x, marekebisho yanakuwa madogo, na makosa ya kukata desimali yanayoingia kupitia mgawanyo yanakuwa madogo pia.

Tatu, ile 1e-6. dd ukigawanya kwa d1 unapata r − 1, kwa hiyo mstari ule unauliza kama r imeikaribia 1 mno. Nimechagua 1e-6 kwa sababu kompyuta inabeba tarakimu kama 16, na d1 ikiwa karibu na 1e-10 basi zimebaki kama sita tu za kuaminika ndani yake, tofauti ndogo kuliko hapo haina maana. Ukibadilisha tol badilisha na hii.

Kitu kimoja cha kukumbuka kuhusu tol: d1 sio kosa. Kosa lililobaki ni kama d1/(1 − r). Kwa cos unagawanya kwa 1.67, hakuna shida, lakini kama r ni 0.99 kosa ni mara mia ya d1, na utasimama ukidhani una tarakimu kumi kumbe una nane.

Inafika hata pale ambapo kurudiarudia hakufiki

Hii ndo sehemu inayonishangaza mpaka leo. Kurudiarudia kwa kawaida kunataka r iwe chini ya 1 ukiacha alama, la sivyo kosa linakua. Steffensen hajali. Anachotaka tu ni r isiwe 1 yenyewe, kwa sababu fomula d1/(1 − r) inakubali r yoyote nyingine.

Chukua g(x) = 2/x, jibu lake ni mzizi wa 2. Anza na 1: unapata 2, alafu 1, alafu 2, milele, haiendi popote. Hapo r = −1. Sasa weka kwenye fomula: d1 = 1, 1 − r = 2, xmpya = 1.5. Raundi inayofuata inatoa 1.416667, alafu 1.414216, alafu 1.41421356237. Ukiifungua fomula kwa kalamu utakuta imegeuka kuwa wastani wa x na 2/x, ile njia ya kale kabisa ya kutafuta mzizi wa pili, imejitokeza yenyewe kutoka kwenye mzunguko uliokuwa umekwama.

Mfano mkali zaidi ni g(x) = x² − 2, jibu moja ni 2, na mteremko pale ni 4. Ukianza na 1.8 kwa njia ya kawaida unapata 1.24, yaani unafukuzwa. Kwa Steffensen: d1 = −0.56, x2 ni −0.4624, d2 = −1.7024, r = 3.04, xmpya = 1.8 + (−0.56)/(−2.04) = 2.0745. Raundi inayofuata 2.0067, alafu 2.00006. Kwa hiyo ukikuta g yako inakimbia usikimbilie kuiandika upya, ijaribu kwanza.

Inapoharibika, na utajuaje

Mfano huohuo wa x² − 2, lakini anza na 1.3 badala ya 1.8. g inatoa −0.31, alafu −1.9039. d1 = −1.61, d2 = −1.5939, r = 0.99. Sasa xmpya = 1.3 − 1.61/0.01 = −159.7. Umerushwa! Na hakuna kilichokosewa, fomula imefanya kazi yake, imeona miruko miwili karibu sawa ikadhani safari iliyobaki ni ndefu sana. Hii hutokea ukianza mbali, pale mteremko unaopimwa unapopita karibu na 1 hata kama kwenye jibu lenyewe uko salama kabisa.

Dawa yangu ni rahisi: chapisha r kila raundi. Mwendo mzuri r inatulia haraka, kama ile −0.63 kwenda −0.67. Kama inarukaruka, leo 0.99 kesho −4, bado uko mbali na jibu na hizo xmpya usiziamini. Unaweza kuweka kizuizi, kwamba kama mruko mzima kutoka x ni zaidi ya, tuseme, mara kumi ya d1, usiruke, kubali x2 ya kawaida na uendelee. Kama unajua jibu liko kati ya namba mbili, zuia x isitoke humo, hasa kama g ina logarithimu au mzizi ndani maana ukirushwa kwenye hasi programu inakufa palepale.

Tatizo la pili ni pale r inapotulia kabisa kwenye 1. Hiyo ina maana mlinganyo una jibu lililojirudia, grafu ya g inaugusa mstari wa y = x bila kuukata. Jibu likijirudia mara mbili, Steffensen anapoteza udabo wake na kosa linapungua kwa nusu tu kila raundi. Dalili ni hiyohiyo: r inapanda 0.9, 0.95, 0.975, na marekebisho ya kila raundi ni nusu ya yaliyopita. Ukiliona hilo usilaumu skripti.

La tatu linawapata sana wenye g kubwa, ambapo ndani ya g kuna lupu nyingine inayosimama kwenye usahihi wake, tuseme 1e-6. Kila jibu la g lina kelele ya 1e-6. Mwanzoni huoni kitu, ila d1 ikishuka ikakaribia 1e-6 basi d2/d1 ni kelele kwa kelele na r inakuwa namba ya kubahatisha. Suluhisho ni kukaza usahihi wa lupu ya ndani, au kupandisha tol ya nje ikae juu ya kelele hiyo kwa mara mia hivi.

Kama una f(x) = 0 na sio x = g(x)

Weka g(x) = x + f(x), fomula inafanya kazi moja kwa moja. Ila angalia ukubwa. Kama kwenye x = 3 f yako ni 500, g inakupeleka 503 kwenda kupima mteremko huko, na mteremko wa huko hauhusiani na wa hapa. Tumia x + b·f(x), na chagua b ili b·f iwe ndogo ukilinganisha na x, mfano b = 0.001 hapo ingeipima kati ya 3 na 3.5. Jibu halibadiliki maana f ikiwa sifuri b·f pia ni sifuri. Usiishushe b mpaka 1e-12 lakini, tarakimu zinafutana na unarudi kwenye vumbi.

Lini usiitumie

Niwe mkweli: kama una f(x) = 0 ya kawaida, x moja, na kila hesabu ya f ni ghali, njia ya sekanti inaishinda hii. Steffensen anadabo tarakimu kwa kila hesabu mbili, ambayo ni kipeo 1.414 kwa kila hesabu moja, wakati sekanti ina 1.618 kwa hesabu moja. Nguvu ya Steffensen iko pale ambapo tayari una mzunguko x = g(x) unaofanya kazi kwa kujivuta, unataka kuanza na namba moja tu, na unaweza kuichomeka mistari michache bila kugusa g.

Na kama x yako ni vekta, una x kumi kwa pamoja, usichukue fomula hii ukaipitisha kwa kila moja kivyake ukategemea udabo. Mfano wa cos ulifanikiwa kwa sababu kuna r moja. Kwenye vekta kila x inavutwa na zingine, na r inakuwa matriksi nzima ambayo namba tatu haziwezi kuikadiria.